Nafasi ya upasuaji wa ngiri imepatikana kesho: ujibu ndiyo, uombe kusogezewa, au hapana?

Meseji yenyewe huwa fupi: "Nafasi ya upasuaji wa henia imepatikana kesho Alhamisi. Jibu NDIYO au HAPANA kabla ya saa 9 alasiri leo. Fika saa 12:30 asubuhi bila kula." Uliandikishwa Februari, ukaambiwa utaitwa, miezi ikapita. Leo ni Jumatano mwishoni mwa Juni, saa 5 asubuhi, uko stoo ya kampuni unakunja mahema kwa ajili ya safari ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame inayoondoka Jumamosi. Una saa 4 za kuamua.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la kupanga orodha ya thieta katika hospitali moja hapa Moshi, na meseji za namna hii nimezituma nyingi. Wengi huiona ile saa 9 kama mtu anawasukuma. Ukweli ni kwamba orodha ya kesho hufungwa leo jioni. Nafasi imepatikana kwa sababu mgonjwa fulani amekutwa na presha ya juu, au amefiwa, au hela haijatimia. Atakayeingia badala yake lazima aanze kufunga kula usiku huu huu, vipimo vyake viwepo, na kitanda kijulikane. Ukijibu saa 2 usiku, hata kama jibu ni ndiyo, hatuna la kufanya nalo. Saa 9 na dakika 5 nakuwa nimeshampigia mtu mwingine.

Kabla ya yote, hakikisha meseji ni ya kweli. Nchi hii kila mtu ameshapata ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na matapeli wanajua kwamba mgonjwa anayesubiri zamu ana haraka. Meseji inayokutaka utume pesa kwenye simu ya mtu ili "nafasi isipotee", achana nayo. Piga namba iliyo kwenye kadi yako ya kliniki, sio namba iliyokutumia meseji, kisha uliza: jina langu lipo kwenye orodha ya kesho? Kwenye hospitali za serikali malipo huenda kwa kontroli namba au dirishani, na risiti unapewa. Simu hiyo ni ya dakika 5, na ndiyo hiyo hiyo utakayoitumia kutoa jibu lako.

Mambo manne ya kupima

Nitazipima njia zote kwa mambo yale yale, ili usije ukapima moja kwa hela na nyingine kwa hofu.

La kwanza ni hali ya ngiri yenyewe leo. Nazungumzia ngiri ya kinena kwa mwanaume, ile ambayo utumbo au mafuta ya tumboni yanapenya kwenye udhaifu wa ukuta wa tumbo na kuleta uvimbe. (Ngiri maji, au busha, ni jambo jingine, ule ni ukusanyikaji wa maji kwenye korodani, na watu wengi huvichanganya hata kwenye foleni ya kliniki.) Je, uvimbe unarudi ukilala chali? Unauma tu jioni baada ya kubeba, au hata ukiwa umekaa? Umekua ukilinganisha na siku ulipoandikishwa?

La pili, mwili uko tayari kwa kesho, sio kwa mwezi ujao? La tatu, wiki 6 zinazofuata zinaangukia wapi kwenye kalenda ya kazi yako. La nne, jibu lako linakuweka wapi kwenye orodha.

Ndiyo, nakuja kesho

Kwa ngiri yenyewe, hili ndilo jibu linalomaliza jambo. Uvimbe wa namna hii kwa mtu mzima haujifungi wenyewe, wala hakuna dawa ya kunywa inayoziba tundu. Daktari hurudisha kilichotoka ndani na kuimarisha ukuta, ama kwa kushona nyama zako ama kwa kuweka wavu. Uliza kwenye simu ni kipi kimepangwa, kwa sababu wavu huweza kubadilisha bei. Upasuaji wa kawaida hufanyika kwa ganzi ya mgongo, na ngiri isiyo na matata wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kwenye utayari wa mwili ndipo "ndiyo" nyingi huvunjikia, na huvunjika asubuhi, mlangoni mwa thieta, baada ya mtu kulipa nauli ya kutoka Rombo. Kwa hiyo jiulize maswali haya kabla hujatuma jibu.

Una kikohozi? Kikohozi cha makohozi au homa hufanya mtu wa ganzi akurudishe, na ana haki. Zaidi ya hatari za ganzi, kila ukikohoa tumbo linasukuma pale pale palipotoka kushonwa. Unatumia dawa za kuyeyusha damu kama wafarini? Hizo kwa kawaida huachwa siku 5 hivi kabla, kwa maelekezo ya daktari, kwa hiyo upasuaji wa kesho haukuhusu. Dawa za presha, mara nyingi unaambiwa umeze asubuhi kwa funda la maji. Vidonge vya sukari kwa kawaida haviliwi siku ya kufunga. Usibahatishe, zisome dawa zako kwa jina kwenye simu ile ile.

Kufunga kula nako kuna uelewa wa ajabu. Kanuni ya ganzi ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji, ingawa hospitali nyingi hurahisisha kwa kusema usile kitu kuanzia saa 6 usiku. Maziwa ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Kuna mzee mmoja wa Kibosho alifika saa 12 kamili, kaoga, kavaa shati jeupe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama amekula chochote. "Hapana mwanangu, sijala. Mama amenipa mtori kidogo tu saa 10, wa kunywa." Kwake mtori si kula. Orodha ikasogezwa hadi mchana, na bahati yake alikuwepo daktari mwenye muda. Siku nyingine angerudi nyumbani na mtori wake.

Jambo moja zaidi ambalo watu hulifanya kwa nia njema: usijinyoe kinena nyumbani kwa wembe. Mikwaruzo midogo ya wembe hukaribisha vijidudu kwenye kidonda. Oga vizuri tu, kama kuna nywele za kupunguza wataziondoa wenyewe.

Kwa upande wa kazi, "ndiyo" ya kesho ni "hapana" kwa wiki kadhaa. Kutembea unaanza siku hiyo hiyo, na unahimizwa. Mwalimu au mwenye duka anaweza kurudi kazini baada ya wiki 1 au 2. Lakini kubeba mizigo mizito, wengi huambiwa wasubiri wiki 4 hadi 6, na mpagazi mimi humshauri ahesabu 6. Kutoka mwishoni mwa Juni, hiyo ni hadi karibu wiki ya pili ya Agosti, yaani katikati ya msimu wa wageni.

Kwenye orodha, jina lako linafutwa kwa sababu umehudumiwa. Ila ukisema ndiyo halafu usitokee, ujue nafasi imekufa. Hakuna wa kuitwa saa 1 asubuhi akiwa amefunga.

Jibu hili linamfaa mtu ambaye uvimbe wake unakua au unamuuma kila siku, ambaye bado ana vipimo na barua ya rufaa au kibali cha bima ambavyo havijapitwa na muda, na ambaye ana mtu wa kumpeleka na kumrudisha. Linamfaa sana mwalimu, kwa sababu Juni shule zinafunga.

Naomba kusogezewa

Hili watu hawajui kwamba ni jibu. Meseji inasema NDIYO au HAPANA, lakini simu ina nafasi ya maneno zaidi.

Hebu tumchukue mpagazi wetu wa stoo. Ana miaka 34, anakaa Pasua hapa Moshi, ngiri yake ni ya upande wa kulia, inarudi akilala, na humvuta jioni tu. Tuseme safari moja ya siku 7 inamwachia shilingi 250,000 pamoja na tipu, na katika wiki 6 za msimu anapata safari 4. Akikubali kesho, anaacha milioni 1. Akifanyiwa mwanzoni mwa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza na wageni wamepungua, wiki 6 zile zile zinaweza kumgharimu safari 1 au 2, tuseme laki 5 kwa kisio la juu. Na anapona katikati ya Desemba, wakati wageni wa Krismasi na mwaka mpya wanaanza kupanda. Kwa karatasi, kusogeza kunamwokolea angalau laki 5. Mkulima wa kahawa huku mlimani hesabu yake ni tofauti, maana mavuno yenyewe huanza karibu Julai na kwenda hadi mwisho wa mwaka. Kwake yeye Februari ni bora kuliko Novemba.

Sasa tuirudie ngiri. Kusubiri kuna hatari gani? Kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliofuatilia wanaume 720 wenye ngiri za kinena zisizo na maumivu au zenye maumivu kidogo. Kwa waliosubiri bila upasuaji, ngiri kubanwa ghafla ilitokea chini ya watu 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Wakati huo huo, karibu robo yao walibadili mawazo na kwenda kufanyiwa ndani ya miaka 2, wengi kwa sababu ya maumivu kuzidi. Kwa hiyo miezi 4 hivi ya kusubiri, kwa ngiri tulivu, si kucheza kamari na kifo.

Lakini mpagazi si mtu wa kwenye utafiti ule. Kikomo cha mzigo mlimani ni kilo 20, unapimwa getini, na anaubeba siku baada ya siku akipanda. Kubeba kunausukuma uvimbe nje. Na hata kama uwezekano wa kubanwa ni mdogo, swali langu kwake huwa moja: ukibanwa, utakuwa wapi? Utumbo uliobanwa na kukosa damu unaweza kuanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Ukiwa Pasua, saa 6 zinatosha kufika hospitali na kupasuliwa. Ukiwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, usiku wa kupandisha wageni kileleni, saa 6 zinaweza kuisha machela ikiwa bado iko njiani kushuka kuelekea geti la Mweka. Laki 5 ile inabidi iwekwe kwenye mizani moja na jambo hilo.

Kuna njia ya kati ambayo baadhi yao huichukua: kusogeza upasuaji, lakini kuzungumza na kiongozi wa msafara apewe kazi ya mezani, yaani kuhudumia chakula cha wageni, au apangiwe njia fupi. Haiondoi kubeba kabisa, maana mlimani kila mtu ana mzigo. Inapunguza tu.

Kwa utayari wa mwili, kusogeza ndiko kunakomfaa mwenye kikohozi, mwenye presha ambayo haijatulia, na anayetumia dawa ya kuyeyusha damu. Mvutaji wa sigara naye anapata muda wa kuacha, na kidonda kitamshukuru.

Kwenye orodha, matokeo yanategemea unavyosema. Ukisema "nitawaambia", mimi sina pa kuandika. Sema hivi: "Sista, kesho siwezi, naomba nibaki kwenye orodha, niitwe kuanzia wiki ya kwanza ya Novemba, na nikipewa taarifa ya siku 3 naweza kuja." Hapo nina mwezi, nina masharti. Siwezi kukuahidi tarehe, ila ukifika muda jina lako linaonekana. Uliza pia vipimo vyako vya damu vitahitaji kurudiwa au la, na kama una bima, kibali chako kinaisha lini. Kwa miezi 4, tegemea kurudia vipimo.

Hapana

Kuna watu ambao "hapana" ndiyo jibu lao sahihi, na hawapaswi kujitetea. Mzee wa miaka 75 ambaye ngiri yake ni ndogo, haijambughudhi miaka 10, na moyo wake una matatizo, anaweza kukaa na daktari wakakubaliana kuiangalia tu. Au umeshafanyiwa kwingine na hukutujulisha. Tuma HAPANA, usione aibu, kuna mtu anaisubiri.

Kwa ngiri, maana yake ni kwamba umechagua kuichunga, na kuchunga kuna dalili zake, nitazitaja chini. Mwili haudaiwi chochote kesho. Kazi haiguswi. Kwenye orodha unafutwa, na ukibadili mawazo mwakani unaanza upya na kliniki, pengine na barua mpya ya rufaa. Hapo ndipo tofauti kubwa na kusogeza ilipo, na ndiyo sababu sipendi mtu atume HAPANA akimaanisha "si kesho". Wamo wengi waliofanya hivyo, wakaja Novemba wananiuliza mbona hawakuitwa.

Kunyamaza sikukuhesabu kama njia. Asiyejibu hapati faida ya njia yoyote kati ya hizo tatu. Sehemu nyingine anashushwa chini, sehemu nyingine anaondolewa baada ya kuitwa mara kadhaa, na nafasi ya kesho mara nyingine inaenda bure kwa sababu tulimsubiri.

Kulingana na hali yako

Ikiwa uvimbe umegoma kurudi, umekuwa mgumu, unauma mfululizo, unatapika, au hutoi hewa wala choo, acha kabisa kufikiria meseji. Hiyo ni dharura ya leo, nenda hospitali iliyo karibu sasa hivi, usiku au mchana, na usijaribu kuusukuma kwa nguvu.

Ikiwa unarudi lakini umekua tangu ulipoandikishwa, au umeanza kushuka kwenye korodani, na huna kikohozi wala dawa ya kuyeyusha damu, mimi ningeelemea ndiyo, hata kama ni msimu. Tafuta leo mtu wa kukaa nawe siku 2 za kwanza na wa kubeba ndoo za maji wiki 6.

Ikiwa ni tulivu, na kazi yako ni ya ofisini au ya dukani, kalenda ndiyo iamue. Likizo ikiwa imeanza, njoo. Ikiwa una mtihani wa wanafunzi au hesabu za mwisho wa mwezi, sogeza wiki 3, hakuna kitakachoharibika.

Ikiwa ni tulivu na kazi yako ni mlimani, usijibu kabla hujaongea na daktari aliyekuona kliniki. Mwombe sista akuunganishe naye kabla ya saa 9. Muulize moja kwa moja kama anakuruhusu kubeba kilo 20 hadi Novemba. Akisema hapana, basi hesabu ya laki 5 haipo tena, kwa sababu safari zile usingezifanya hata ukikataa nafasi.

Mpagazi wa Pasua nilimpa simu hiyo. Daktari akamkataza kubeba juu ya mlima, akamruhusu kusubiri akiwa chini. Akafikiri kama nusu saa, akanipigia saa 8 na robo. "Sista, kama ni kukaa chini, si bora nikae chini nikiwa nimeshashonwa?" Nikaandika jina lake. Kisha nikamuuliza kuhusu kikohozi, akakohoa palepale kwenye simu. Makohozi ya njano, siku 4. Nikamfuta, nikamwandika wiki 3 mbele, nikampigia wa pili kwenye orodha.